Mstari mmoja kati ya kata 22: jedwali la chanjo mbele ya madiwani

Kazi yangu ni takwimu za afya katika halmashauri moja ya wilaya nchini Tanzania, na kila mwaka huandaa taarifa ya chanjo kwa ajili ya kamati ya madiwani inayosimamia huduma za jamii. Takwimu hizo huingizwa na vituo kwenye mfumo wa DHIS2, nami nikizishusha huja kama faili la Excel lenye kata 22 kwenda chini na safu 14 kwenda kulia: idadi ya vituo, walengwa wa chini ya mwaka mmoja, BCG, polio, Penta ya kwanza hadi ya tatu, surua na rubela, kisha asilimia za kila kimoja. Hayo ni zaidi ya visanduku mia tatu vya namba, na kwa muda mrefu desturi katika vikao vyetu ilikuwa ni kulibandika jedwali zima kwenye slaidi, kisha msemaji kuanza kusoma kata baada ya kata huku wajumbe wakikodolea macho ukuta. Nimeona vikao vya namna hiyo vikiisha bila uamuzi wowote, na sababu haikuwa uzembe wa madiwani. Kila mmoja alitafuta jina la kata yake, akaona asilimia yake, akaridhika au akanung'unika, na basi.

Nitaeleza jinsi jedwali la mwaka mmoja lilivyogeuzwa kuwa slaidi yenye mstari mmoja wa kuangaliwa. Takwimu nimezibadilisha kidogo ili halmashauri isitambulike, na kata sizitaji kwa majina.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kuamua ni mstari upi. Programu haiwezi kukuamulia hilo. Chanjo ya Penta hutolewa mara tatu, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na humkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na magonjwa yanayoletwa na bakteria wa Hib. Mtoto aliyepata dozi ya kwanza ni mtoto ambaye mama yake alikwisha kufika kituoni. Asipoonekana kwa dozi ya tatu, tunasema ameacha chanjo. Ndiyo maana ofisini tunakipa uzito kiwango cha kuacha, yaani tofauti ya Penta ya kwanza na ya tatu ikigawanywa kwa Penta ya kwanza. Kama Penta ya kwanza iko safu ya E na ya tatu iko safu ya G, fomula mbili zinatosha:

```
=E5-G5
=(E5-G5)/E5
```

Ya kwanza hutoa idadi ya watoto, ya pili hutoa kiwango. Kwa kawaida kiwango kikizidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa ni dalili ya tatizo linalohitaji kufuatiliwa.

Nilipopanga jedwali kwa kiwango, kata iliyopanda juu kabisa ilikuwa kata ndogo ya mlimani. Watoto 176 walipata dozi ya kwanza na 139 wakapata ya tatu, kwa hiyo kiwango cha kuacha kilikuwa asilimia 21. Nilipopanga kwa idadi ya watoto, kata hiyo ilishuka, na juu ikakaa kata ya mjini yenye stendi ya mabasi: watoto 1,462 kwa dozi ya kwanza, 1,228 kwa dozi ya tatu, yaani watoto 234 walioacha, sawa na asilimia 16. Halmashauri nzima ilikuwa na watoto 611 walioacha. Kata moja kati ya 22 ilikuwa inabeba karibu watoto wanne katika kila kumi.

Jambo hili lilikuwa limejificha kwa sababu mbili. Kwanza, kiwango cha halmashauri nzima kilikuwa asilimia 6.2 tu, hivyo mstari wa jumla ulionekana mzuri. Pili, uchanjaji wa Penta ya tatu katika kata ya stendi, ukilinganishwa na walengwa wake 1,480, ulikuwa asilimia 83, na katika jedwali la zamani lililopakwa rangi tatu, kisanduku hicho kilikuwa cha njano. Vilikuwapo visanduku vyekundu tisa, na jicho lilikimbilia huko. Ndipo nilipoanza kuzitilia shaka rangi zile tatu katika slaidi: zinafaa kwa mtu anayekagua faili peke yake mezani, lakini mbele ya watu zinatangaza kwamba mambo tisa yana uzito sawa.

Swali basi likawa hili: kikao kile kilikuwa na uwezo wa kuamua nini? Kamati ilikuwa inakwenda kugawa fedha za mapato ya ndani kwa ajili ya huduma za mkoba, yaani mafuta ya gari, matengenezo ya pikipiki na posho za wauguzi wanaotoka kituoni kwenda kuchanjia mitaani na vitongojini. Fedha zile zingetosha kuongeza safari katika eneo moja, si katika kata zote. Kwa uamuzi wa namna hiyo, idadi ya watoto wanaoweza kufikiwa ndiyo kipimo. Kama kikao kingekuwa cha kujadili ubora wa huduma katika kila kituo, ningechagua kata ya mlimani bila kusita. Mstari wa kuangaziwa unatokana na uamuzi unaosubiri, na mtu asiyejua uamuzi huo hawezi kuuchagua hata akiwa na faili bora kiasi gani.

Kabla ya kugusa PowerPoint nilitaka kujua kama mstari ule ulikuwa wa kweli. Kuuweka mstari mbele ya watu ni kuutolea ushahidi, na ukiwa na kosa, kosa hilo nalo linaangaziwa. Kosa la kwanza la kutafuta ni kiwango cha kuacha kilicho hasi. Kata moja ilikuwa na dozi za kwanza 301 na za tatu 318, jambo lisiloelekea, kwani hatutarajii watoto waliomaliza wawe wengi kuliko walioanza. Tulipolinganisha fomu za karatasi na mfumo, tulikuta zahanati moja haikuingiza Penta ya kwanza ya mwezi mmoja. Zilipoongezwa, dozi za kwanza zikawa 334, na ile 611 niliyoitaja ni hesabu ya baada ya marekebisho hayo.

Ukaguzi wa pili ulihusu stendi yenyewe. Kituo cha afya kilichoko karibu na stendi hupokea akina mama wa vijijini wanaokuja mjini kujifungua, wanakaa kwa ndugu wiki chache, mtoto anapata dozi ya kwanza pale, kisha wanarudi kwao. Mtoto huyo hakuacha chanjo. Amehamia kata nyingine, na dozi yake ya tatu imehesabiwa huko. Kama hilo ndilo lililokuwa likitokea kwa wingi, kata jirani zingeonyesha Penta ya tatu nyingi kuliko ya kwanza, au walau viwango vya kuacha vilivyo karibu na sifuri. Hazikuonyesha hivyo. Muuguzi wa kituo alifungua rejista ya watoto, tukaangalia safu ya makazi kwa wale ambao hawakurudi, na wengi wao walikuwa wa mitaa miwili ya kata ileile. Hapo niliamini kwamba mstari unasema kweli.

Slaidi ilianza kwa sentensi. Niliandika kwenye karatasi maneno ambayo ningependa diwani aweze kuyarudia akitoka ukumbini: "Kata moja ina watoto 234 kati ya 611 walioacha chanjo ya Penta kabla ya dozi ya tatu." Sentensi hiyo ndiyo ikawa kichwa cha slaidi, mahali ambapo zamani pangeandikwa "Hali ya uchanjaji kwa kata." Kichwa cha namna ya pili hakimwambii mtazamaji atafute nini, kwa hiyo kila mtu hutafuta cha kwake. Kichwa chenye sentensi kamili hufanya jedwali lililo chini yake kuwa ushahidi wa maneno hayo, na pia hukusaidia kupunguza, kwa sababu kila safu isiyothibitisha sentensi haina kazi pale.

Safu 14 zilibaki nne: jina la kata, dozi ya kwanza, dozi ya tatu, na watoto walioacha. Nilifikiria sana kama nibakize na asilimia. Mwishowe niliiondoa kwenye slaidi, kwa sababu asilimia 21 ya kata ya mlimani ingevuta macho kuliko asilimia 16 ya stendi, na kikao kingeanza kujadili mambo mawili. Sikuificha: ilikuwa kwenye karatasi iliyogawiwa, na niliitamka kwa mdomo. Vichwa vya safu navyo vilibadilishwa. Katika faili viliandikwa kwa vifupisho vya mfumo ambavyo hata baadhi ya watumishi wa afya huvisoma kwa kubahatisha; kwenye slaidi viliandikwa "Walioanza", "Waliomaliza" na "Walioacha", maneno ambayo hayahitaji maelezo.

Kuhusu mistari, hesabu ya nafasi ilinisaidia kuamua. Slaidi pana ya kawaida ina urefu wa kwenda chini wa sentimita 19.05. Ukitoa kichwa cha mistari miwili pamoja na pambizo, unabaki na kama sentimita 14 za jedwali. Ukiweka kata 22 na mstari wa vichwa, kila mstari unapata takriban sentimita 0.6, na PowerPoint hutenga tayari sentimita 0.13 juu na chini ya maandishi ndani ya kila kisanduku, kwa hiyo herufi haziwezi kuzidi ukubwa wa pointi 8 hivi. Mjumbe aliyekaa nyuma ya ukumbi wa halmashauri hazisomi. Nikabakiza kata sita zenye watoto wengi zaidi walioacha, nikazijumlisha 16 zilizobaki kwenye mstari mmoja ulioandikwa "Kata nyingine 16", na mwisho nikaweka jumla. Mistari tisa pamoja na vichwa ilipata zaidi ya sentimita 1.5 kila mmoja, na herufi za pointi 22 zikaenea bila kubanana.

Mstari wa "Kata nyingine 16" una umuhimu wake. Bila huo, safu ya mwisho haijumlishiki kufikia 611, na katika kamati yoyote yupo mtu anayejumlisha. Akikuta namba hazifiki, hataamini tena chochote utakachosema. Kwa sababu hiyohiyo nilizipanga kata kuanzia yenye wengi hadi yenye wachache, wala si kwa alfabeti, na namba zote zikaelemea kulia zikiwa na alama ya maelfu, ili tarakimu za mamoja, makumi na mamia zikae chini ya wenzake. Hapo tofauti ya 234 na namba inayoifuata huonekana hata kabla ya kusomwa.

Jedwali sikulibandika kutoka Excel. Ukinakili na kubandika kwa kawaida, PowerPoint huvika jedwali mtindo wake, wenye mistari inayopishana rangi, na upishanaji huo unaangazia kila mstari wa pili bila sababu yoyote. Unaweza kuuondoa kwa kufungua `Table Design` na kuondoa alama kwenye `Banded Rows`. Hatari kubwa zaidi iko kwenye chaguo la `Embed`, ambalo huingiza kitabu kizima cha Excel ndani ya slaidi, pamoja na kurasa ambazo hukukusudia kuzionyesha. Faili letu lilikuwa na ukurasa wenye majina ya wauguzi na namba zao za simu. Mtu yeyote ambaye angetumiwa wasilisho angebofya jedwali mara mbili na kuyaona yote. Kwa jedwali la mistari tisa ni salama zaidi kuingiza jedwali tupu na kuandika namba upya, kisha mwenzako akusomee kutoka kwenye faili nawe ukikagua kwenye slaidi.

Rangi ilikuja mwisho. Watu wengi huanza kwa kupaka mstari muhimu rangi ya njano hafifu, na kwenye kompyuta hupendeza. Ukumbi wetu una madirisha makubwa upande mmoja, projekta ni ya zamani, na vikao hufanyika asubuhi. Njano hafifu ukutani huwa nyeupe tu. Nilichofanya ni kinyume cha kupaka: nilianza kwa kuondoa. Mistari yote ya mipaka iliondolewa, ikabaki mmoja mwembamba chini ya vichwa na mwingine juu ya jumla. Maandishi yote yakawa ya kijivu kilichokolea, `#595959`, ambacho bado kinasomeka vizuri kwenye mandharinyuma meupe. Kijivu hafifu kama `#BFBFBF` kingewafuta kabisa wengine, na diwani ambaye kata yake haisomeki ana haki ya kulalamika. Kisha mstari wa stendi peke yake ukapakwa bluu iliyokolea, maandishi yake yakawa meupe na mazito. Sikutumia nyekundu, kwa sababu nyekundu mbele ya hadhara inasomwa kama hukumu, na pia wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani. Kipimo cha mwisho kilikuwa kuichapisha slaidi kwa rangi nyeusi na nyeupe na kuitazama kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Mstari ulijitokeza kwa sababu ya giza lake, kwa hiyo haukutegemea rangi.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye PowerPoint, nalo ni diwani wa kata yenyewe. Kuangazia mstari ni kumwangazia mtu aliyekaa ukumbini, mbele ya wenzake. Siku iliyotangulia kikao, kwa ruhusa ya Mganga Mkuu, nilimpelekea karatasi ile.

"Mheshimiwa, kesho kata yako ndiyo itakayokuwa juu kwenye slaidi ya chanjo," nilimwambia. "Nimeona ni vyema uione leo."

Aliitazama kwa muda. "Hawa mia mbili na thelathini na nne ni wa wapi?"

Nilimtajia mitaa ile miwili.

"Huko mkoba ulikuwa unafika chini ya mwembe karibu na ofisi ya mtendaji," alisema. "Pikipiki ilipoharibika, hawakuja tena. Akina mama wanaambiwa wapande mpaka kituoni, na nauli ya kwenda na kurudi wengi hawana."

Maelezo yake yalithibitishwa na mratibu wa chanjo, na yaliingia kwenye slaidi kama mstari mmoja wa maneno upande wa kulia, mkabala na mstari wa bluu: "Huduma ya mkoba ilisimama katika mitaa miwili." Maneno hayo niliyaweka pale pale na wala si chini kabisa ya slaidi, ili jicho likitoka kwenye namba likutane na sababu bila kusafiri.

Kikaoni niliweka slaidi mbili zinazofanana kwa kila kitu, isipokuwa ya kwanza ilikuwa ya kijivu yote. Niliiacha kwa muda mfupi ili kila diwani amalize kutafuta kata yake, huku karatasi yenye kata zote 22 ikiwa mkononi mwake. Nilipobonyeza, jedwali halikuhama hata kidogo. Mstari mmoja tu ukawa bluu. Njia hiyo naipenda kuliko vionjo vya maandishi yanayoruka, kwani jicho hugundua kilichobadilika bila kupoteza mahali lilipokuwa. Diwani wa kata ya mlimani aliuliza kwa nini kata yake, yenye kiwango kibaya kuliko zote, haikuangaziwa. Nilimjibu kwamba ana haki ya kuuliza, kwamba kata yake ina watoto 37 na asilimia yake iko kwenye karatasi, na kwamba pale tunazungumzia mahali ambapo fedha za safari za mkoba zitawafikia watoto wengi zaidi. Mganga Mkuu aliongeza kuwa watoto 37 wanaweza kufuatiliwa kwa majina na wahudumu wa afya ngazi ya jamii bila kusubiri gari. Majadiliano yaliyobaki yalihusu pikipiki, nani ataitengeneza, na siku gani za mwezi mkoba utafika katika ile mitaa miwili. Fedha zilitengwa.

Baada ya hapo niliombwa niirudie slaidi ileile kila robo mwaka ili kamati ione kama mstari unashuka. Nilipendekeza njia nyingine, na sababu yake inafaa kufahamika na yeyote anayeshughulika na takwimu hizi. Kati ya dozi ya kwanza na ya tatu kuna wiki nane. Katika mwaka mzima, pengo hilo humezwa, kwa kuwa walioanza mwishoni mwa mwaka huu hufidiwa na waliomaliza mwanzoni baada ya kuanza mwaka uliopita. Katika miezi mitatu pengo halimezwi: watoto waliopata Penta ya tatu katika robo hiyo kwa sehemu kubwa si wale waliopata ya kwanza katika robo hiyohiyo, na mabadiliko madogo ya idadi ya wanaozaliwa, au chanjo kuadimika kwa wiki mbili, yanaweza kukupa kiwango cha kuacha kikubwa kisicho cha kweli au hata kilicho hasi. Kuangazia namba kama hiyo kwa bluu kungewafanya madiwani wafurahie au wahuzunike bure.

Kwa hiyo taarifa ya robo mwaka tuliitoa kwenye rejista ya kituo badala ya mfumo. Muuguzi huchukua watoto wote wa mitaa ile miwili walioanza Penta katika mwezi mmoja, husubiri mpaka wote wapite wiki 14 pamoja na mwezi mmoja wa ziada kwa wanaochelewa, kisha huhesabu waliomaliza. Slaidi inayotokana na hesabu hiyo ina mistari michache, mmoja kwa kila mwezi ambao watoto walianza, na mstari wa bluu ni ule wa mwezi wa kwanza baada ya mkoba kurudi chini ya mwembe.